Skrinshoti ya jedwali kuwa Excel: kipi ununue, kipi usinunue

Msimu wa korosho, orodha za malipo huzunguka kwenye WhatsApp zikiwa skrinshoti. Mimi huandaa hesabu za AMCOS moja huku Newala, na nimekuwa nikitafuta njia ya kuacha kuchapa upya majina na kilo. Nimezipanga njia hizi kuanzia ile ninayoipendekeza zaidi.

Ya kwanza ni Excel ya simu. Ni ya bure, unachohitaji ni akaunti ya Microsoft tu. Fungua faili jipya, gusa alama ya Data from Picture, chagua skrinshoti kwenye picha zako, kisha vuta fremu ibane jedwali peke yake. Ukiacha kichwa cha habari au saa ya simu ndani ya fremu, safu zinavurugika. Seli ambazo programu ina shaka nazo huonekana kwa rangi nyekundu. Zirekebishe moja moja kabla ya kuingiza.

Usiamini kwamba seli zisizo nyekundu ziko sawa. Skrinshoti moja ilikuwa na mkulima mwenye kilo 1,248 kwa shilingi 3,150, malipo 3,931,200. Excel ilisoma 1,243 bila kuonyesha wekundu wowote. Nilikuja kuligundua baada ya kuweka safu ya ziada, kilo zikiwa C, bei D, malipo E:

```
=C2*D2-E2
```

Ilitoa -15,750, yaani kilo tano zilizopotea. Mstari ulio sawa hutoa sifuri. Ikitoa #VALUE!, huenda kuna herufi O mahali pa sifuri. Namba za uanachama kama 0047 nazo hubaki 47, kwa hiyo zikague kwa macho. Tena, mwombe aliyekutumia akutumie picha kama nyaraka, maana WhatsApp huipunguza ubora na 8 ikafanana na 3.

Ya pili ni Excel ya kompyuta kwa usajili wa Microsoft 365. Unabonyeza Windows+Shift+S, unakata jedwali, kisha Data, From Picture, Picture From Clipboard. Kukagua kwenye kioo kikubwa ni raha, na kwa mwenye orodha nyingi kila wiki ada inalipa. Ila kuwa makini dukani. Niliwahi kulipia kuwekewa Microsoft Office kwenye duka moja mjini Mtwara. Nikakuta ni Excel 2016, kitufe hicho hakipo. Kabla hujatoa hela, fungua menyu ya Data ukione kwa macho yako.

Ya mwisho ni kunakili maandishi kwa Google Lens. Ni bure, ila mara nyingi safu zinaporomoka, kilo zinafuatana na majina bila mpangilio. Itumie kwa mistari mitano au sita, si kwa orodha ya wakulima mia mbili.