Kiti chekundu: Cryptomatte au tabaka la kina?

Umesharenda sebule kwenye Blender, programu ya picha za 3D, mteja anataka rangi ya kiti chekundu ipoe kidogo. Hakuna haja ya kurenda upya; unahitaji barakoa ya kiti tu, yaani picha inayoonyesha ni pikseli zipi za kurekebisha. Tabaka la kina na Cryptomatte ni data za ziada zinazohifadhiwa pamoja na picha, na zote zinaweza kukupa barakoa hiyo.

Tabaka la kina, yaani Z, huhifadhi umbali wa kila pikseli kutoka kwenye kamera. Ukichagua mita 3 hadi 4 utapata kiti, lakini pia sakafu na zulia vilivyo umbali huohuo. Kingo nazo hutoka na meno, kwa sababu kila pikseli ina namba moja tu, hata pale kiti na ukuta vinapogawana pikseli hiyo.

Cryptomatte hurekodi ni vitu gani vimo ndani ya pikseli na kila kimoja kimechukua sehemu gani. Ndiyo maana ukingo hubaki laini, hata kitu kikiwa na ukungu wa mwendo. Kwa kazi hii naichagua bila kusita. Hifadhi faili ya picha ya EXR ya biti 32, kwani utambulisho wa vitu huharibika kwenye biti 16. Ila haigusi wekundu ulioakisiwa ukutani wala kiti kinachoonekana kwenye kioo, na hapo rangi mpya husutwa na ile ya zamani.

Tabaka la kina nalo lina nafasi yake: geuza kina cha mita 3 hadi 4 kuwa namba zinazoshuka taratibu kutoka 1 hadi 0, zizidishe kwa barakoa ya Cryptomatte, na marekebisho yatafifia taratibu kuelekea mgongo wa kiti, jambo ambalo Cryptomatte peke yake haiwezi.