Waliniambia nitoke, nikatoka: yaliyonikuta na barua pepe ya ofisi

Jina la kampuni silitaji, maana bado nawalipa. Ni kampuni ya nje inayotunza barua pepe za ofisi yangu, zile zenye anwani ya .co.tz, na kila mwezi wanakata hela yao bila kuchelewa hata siku moja. Nilianza kuandika haya nikiwa na nia ya kuwapa nyota moja. Nimeshabadilisha mara mbili na sijui nitaishia ngapi.

Mimi ni wakala wa forodha, Dar. Kazi yangu yote iko kwenye barua pepe: hati za shehena, ankara, majibu ya wakala wa meli. Siku hizo za mvua nilikuwa kwenye daladala, foleni ya Tazara imesimama, simu mkononi, dirisha wazi. Wenyeji wa Dar mmeshamaliza hadithi. Mkono ulipita, simu ikaenda. Nashukuru nilikuwa nimebonyeza kitufe cha pembeni sekunde chache kabla, kwa hiyo iliondoka ikiwa imefungwa.

Sikuogopa sana. Kesho yake nikachukua taarifa ya upotevu polisi, nikaenda dukani kwa watu wa laini, nikaweka kidole, namba yangu ikarudi kabla ya adhuhuri. Nikanunua simu ya bei rahisi, nikapakua ile apu inayotoa namba sita za kuingilia, nikaifungua. Tupu. Haina hata mstari mmoja.

Nikamrudia yule kijana wa dukani nikidhani laini haijakaa sawa. Akanicheka kidogo, kwa adabu. “Mzee wangu, hizo namba hazipiti kwenye laini. Zinatengenezwa ndani ya simu.” Akanieleza akiwa anahudumia mteja mwingine. Siku ile ulipoipiga picha ile QR, alisema, simu yako ilipewa siri, na kampuni ikabaki na nakala yake. Kila sekunde 30 simu inachanganya ile siri na saa ya wakati huo, inatoa namba sita. Kompyuta yao inafanya hesabu hiyo hiyo, majibu yakilingana unaingia. Ndiyo maana apu inafanya kazi hata pasipo mtandao. “Siri yako iko kwa mwizi, mzee. Laini haina habari nayo.”

Kulikuwa na namba za akiba pia. Kumi, walinipa siku ya kwanza, kila moja inatumika mara moja tu. Nilizihifadhi vizuri sana. Nilizipiga picha kwa simu ile ile.

Sasa sikilizeni, maana hasira yangu inaanzia hapa. Sikuwa nimefungiwa! Laptopu ya nyumbani ilikuwa bado imeingia. Barua zinaonekana, natuma, napokea, kila kitu sawa. Nilichotaka ni kubadilisha simu tu. Nilipobonyeza sehemu ya kubadilisha, ikaniomba namba sita za simu ya zamani, nikaona hapa nitafute mtu. Kwa kuwa nalipia, nina haki ya kuchati na mhudumu. Akatokea mmoja, jina lake nalifahamu na sitaliandika, nikamweleza kwa Kiingereza changu cha bandarini: simu imeibwa, laptopu iko ndani, nisaidie kuhamisha.

Akanijibu kama mtu anayesoma ubaoni. Ametambua usumbufu wangu. Anaomba nitoke kwenye akaunti kisha niingie upya ili mfumo unipe chaguo la urejeshaji.

Nikamuuliza: nikitoka nitaingiaje? Niliuliza, nina ushahidi, mazungumzo ninayo. Akasema mfumo utaniongoza.

Nikatoka.

Mfumo ukaniongoza mpaka kwenye kisanduku chenye nafasi sita tupu. Nikarudi kwa mhudumu, naye akaniambia ili aendelee kunihudumia kwenye akaunti hii, kwa usalama wangu, nimpe namba sita zinazoonekana kwenye apu. Nikamwandikia: apu iko kwenye simu, simu iko kwa mwizi, ndiyo sababu tunaongea. Akasema anaelewa, na nikizipata zile namba nimrudie. Kisha akafunga mazungumzo na kunitakia siku njema. Siku njema! Nina kontena bandarini, gharama za hifadhi zinahesabiwa kila siku, hati imo ndani ya barua pepe niliyotoka dakika kumi zilizopita kwa amri yake.

Lililonichoma zaidi nililigundua baadaye, nilipokwisha kurudi ndani. Ule ukurasa wa namba za akiba hautaki namba sita. Unataka nywila tu. Maana yake siku ile, kwenye laptopu ile, ningeweza kutengeneza namba kumi mpya, nikatumia moja, mchezo ukaisha kwa dakika mbili. Mlango ulikuwa wazi, na mtu anayelipwa kuujua mlango huo akaniambia niufunge. Kwa hiyo, kama umepoteza simu na kuna kifaa kingine bado kiko ndani, usitoke, hata akuambie nani. Usizime, usisafishe kivinjari. Pitia kwanza kila ukurasa wa usalama uone upi unakubali nywila peke yake, na barua za muhimu zihifadhi pembeni.

Siku ya tatu nikapata mtu mwingine, wa ngazi ya juu nadhani, na huyu alikuwa na akili zake. Alisema kitambulisho changu hawawezi kukipima wakiwa huko waliko, ila kuna kitu wanachoweza kukipima: kama kweli namiliki ile anwani ya .co.tz. Akanipa maneno marefu yasiyosomeka, akasema niyaweke kwenye kumbukumbu za anwani hiyo kama rekodi ya TXT. Wao watauliza mtandaoni kama mtu yeyote anavyoweza kuuliza, wakiyakuta, basi mwenye anwani ni mimi.

Hapo nikashika kichwa. Anwani naisimamia kwenye tovuti ya msajili, na nywila ya tovuti ile nimeisahau, na nikiomba mpya inatumwa wapi? Kwenye barua pepe niliyofungiwa. Funguo ndani ya nyumba iliyofungwa.

Kilichoniokoa ni kwamba msajili wangu yuko hapa hapa mjini, ana mlango na viti. Nikaenda kwa miguu. Binti wa mapokezi akanipa shikamoo, akachukua kitambulisho cha NIDA, akalinganisha jina na la kwenye usajili wa kampuni, akanipigia kwenye namba waliyonayo tangu zamani nikiwa nimekaa mbele yake. Ikaita. “Basi ni wewe baba,” akasema, akacheka. Nilikuwa sijachekewa kwa wema wiki nzima. Akaniwekea nywila mpya, akanikalisha kwenye kompyuta ya pembeni.

Nikajaza mwenyewe, kwa haraka, na kukosea. Kwenye nafasi ya jina niliandika anwani nzima. Sikujua kwamba mfumo wenyewe unaiongeza mwishoni, kwa hiyo rekodi yangu ikakaa kwenye anwani isiyokuwepo duniani, jina limejirudia mara mbili. Jioni wale wa nje wakasema hawaoni kitu. Nikawarushia maneno ambayo leo yananiaibisha. Ni mpwa wangu aliyefungua kompyuta yake akauliza hivi (anwani nimeibadilisha):

```
dig +short TXT mfano.co.tz
dig +short TXT mfano.co.tz.mfano.co.tz
```

Ya kwanza haikurudisha chochote. Ya pili ikatoa yale maneno marefu. “Mjomba, umeiweka kwa jirani.” Dawa yake ni kuandika alama ya `@` kwenye nafasi ya jina, basi. Tukarekebisha, bado wale wa nje hawaoni. Mpwa akanituliza: kompyuta zinazopokea maswali haya hukumbuka hata jibu la “hakuna” kwa muda fulani, na wao walikuwa wameshauliza mapema. Ukirekebisha unangoja kumbukumbu hiyo iishe. Kulipokucha wakaiona.

Wakanisubirisha siku mbili nyingine, eti ili mwenye akaunti halisi, kama si mimi, apate nafasi ya kupinga. Kisha kiungo kikaja kwenye barua pepe ya mke wangu, nikaweka nywila mpya, nikaingia. Gharama za hifadhi nilizolipa bandarini nazijua mimi na mteja wangu, na tumeshasameheana.

Hapa ndipo nyota moja ilipoanza kunishinda. Nilipoingia nilifungua orodha ya majaribio ya kuingia. Usiku ule ule wa Tazara, saa nne na dakika kadhaa, kuna mtu alijaribu. Alikuwa ametoa laini yangu akaichomeka kwenye simu nyingine, maana laini haikuwa na namba ya kuifunga, akabonyeza “nimesahau nywila”, meseji ikamfikia yeye, akaivuka hatua hiyo vizuri. Kisha akakutana na kile kisanduku cha nafasi sita. Akabahatisha mara tatu, akaacha. Apu ilikuwa ndani ya simu ambayo hakuweza kuifungua.

Nilikaa nikaitazama ile orodha. Kama kampuni hii ingekuwa inatuma namba kwa meseji, kama nilivyokuwa nalilia siku ya kwanza, mtu yule angekuwa amelala kwenye barua pepe zangu usiku kucha, anawaandikia wateja wangu kwa jina langu kwamba akaunti ya benki imebadilika. Ukaidi ulionitesa mimi ulimgomea na yeye. Nikaandika nyota tatu. Nikafikiria hata nne, nikiwa nakunywa chai, nimelainika.

Sasa nina siri mpya, iko kwenye simu yangu na kwenye simu kuukuu iliyobaki kabatini. Nilizielekeza zote mbili kwenye QR ile ile kabla ya kufunga ukurasa, na kumbe zinatoa namba zinazofanana, sekunde kwa sekunde. Namba za akiba ziko kwenye karatasi, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Juzi ikaingia barua kutoka kwao. Wanaomba nitathmini huduma niliyopata kutoka kwa yule wa kwanza, yule wa “toka, ingia upya”. Je, alitatua tatizo lako? Chini kuna vitufe viwili. Nimebonyeza hapana, wakaniletea nafasi ya maelezo yenye kikomo cha herufi 200.

Nyota mbili.