Barua kwa Mfadhili: Programu za Bure Zinazofaa Kompyuta Mlizotuletea

Ndugu Mfadhili,

YAH: UCHAGUZI WA PROGRAMU ZA BURE KWA KOMPYUTA 14 ZA MSAADA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Katika barua yako uliuliza kama fedha zilizobaki kwenye bajeti ya msaada zitumike kununulia leseni za Windows, au kama zipo programu za bure zinazoweza kufanya kazi hiyohiyo hapa kituoni Muheza. Tumezijaribu kompyuta zote kwa wiki tatu. Jibu langu ni kwamba leseni hazihitajiki, na kwamba fedha hizo zina kazi nyingine ambayo nitaieleza.

Kompyuta 9 ni za mezani, zina prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha nne, ramu ya gigabaiti 4 na diski za kawaida zinazozunguka. Nyingine 3 ni za zamani zaidi, zina Core 2 Duo na ramu ya gigabaiti 2. Mbili za mwisho zina prosesa za biti 32 na ramu ya gigabaiti 1. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 imekusudiwa prosesa za kuanzia kizazi cha nane. Kwa hiyo hata tungenunua leseni, hakuna kompyuta hata moja kati ya hizi 14 inayotimiza masharti.

Ipo njia nyingine ambayo wengi huifuata, ya kuwekewa Windows isiyo na leseni, na naomba tusiifikirie kabisa. Miaka iliyopita fundi mmoja alituwekea Windows ya namna hiyo kwenye mashine tano. Haukupita mwezi, kila flashi iliyochomekwa ilirudi ikiwa na mafaili yaliyofichwa na njia za mkato mahali pake. Wanafunzi walidhani kazi zao zimepotea, na virusi hivyo vikasambaa hadi kwenye duka la stesheneri wanakochapishia.

Chaguo la kwanza, kwa zile kompyuta 9, ni Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, ya toleo la 22 yenye mwonekano wa Xfce. Inahitaji angalau ramu ya gigabaiti 2, lakini wenyewe wanapendekeza 4, kiasi ambacho ndicho tulicho nacho. Toleo hilo litapata masasisho ya usalama hadi mwaka 2029. Menyu yake iko chini kushoto, kama watu walivyozoea, na LibreOffice na Firefox huja nayo tayari. Mama mmoja mfanyabiashara, ambaye hujifunza hapa kila Jumamosi, aliandika orodha ya bidhaa zake siku ya kwanza bila kuuliza kompyuta hiyo inatumia mfumo gani.

Chaguo la pili, kwa kompyuta 3 zenye gigabaiti 2, ni Debian 13, mfumo mwingine wa Linux, yenye mwonekano wa LXQt. Nimeiweka mbele ya Lubuntu 24.04, ingawa zote mbili ni nyepesi na Lubuntu ni rahisi zaidi kusakinisha, kwa sababu muda wa huduma wa Lubuntu hiyo unaisha Aprili 2027, ilhali Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, huhudumiwa kwa takriban miaka mitano. Kituo chenye fundi mmoja hakiwezi kurudia usakinishaji kila baada ya muda mfupi. Mashine hizi zitatumika kwa kuandika na kujifunza kuchapa tu, kwani kurasa za mtandao zenye video huzilemea.

Zile mbili za biti 32 sikuziwekea kitu. Hata Debian imeondoa kisakinishi cha prosesa hizo katika toleo la 13. Tutachukua monita, kibodi na nyaya zake, na ningeomba safari ijayo kompyuta za aina hiyo zisisafirishwe.

Sasa niende kwenye kazi ya fedha. Mint ilipowekwa kwenye zile 9, tuliona uzito wa aina mbili ambao kwa macho unafanana, nao hutofautishwa kwa amri hii:

```
free -h
```

Safu ya `available` huonyesha ramu iliyosalia kwa matumizi, na mstari wa `Swap` huonyesha kiasi cha diski kinachotumika kama ramu ya ziada. Kwenye mashine moja tulifungua LibreOffice peke yake. Ramu iliyosalia ilikuwa zaidi ya gigabaiti 2 na Swap ilikuwa sifuri, hata hivyo programu ilichukua karibu nusu dakika kufunguka. Hapo tatizo ni diski. Kisha tukafungua kurasa nane za Firefox: Swap ikapanda kupita gigabaiti 1, taa ya diski ikawaka bila kuzimika, na kipanya kikaanza kugandaganda. Hapo tatizo ni ramu.

Kwa majaribio tulihamishia diski ya SSD, yaani isiyozunguka na yenye kasi zaidi, kwenye mashine moja, nayo ikaanza kuwaka kwa chini ya nusu dakika badala ya karibu dakika mbili. Kwa hiyo naomba ununuzi ufuate mpangilio huu: kwanza diski 9 za SSD, ambazo hata zikiwa za gigabaiti 120 zinatosha, na kama fedha zitabaki, vipande 9 vya ramu ya gigabaiti 4. Ramu hiyo lazima iwe DDR3 ya kompyuta ya mezani. DDR4 haiingii, kwa kuwa pengo lake liko mahali tofauti, na ya kompyuta mpakato ni fupi.

Kwa upande wa ofisi, LibreOffice inatosha, ila kuna kasoro moja iliyotusumbua na ambayo ufumbuzi wake ni mdogo. Kijana alileta wasifu wake ulioandikwa kwa Microsoft Word, ukurasa mmoja kamili, na kwetu ukafunguka kurasa mbili. Chanzo ni aina ya maandishi iitwayo Calibri, ambayo haipo kwenye Linux. Inapokosekana, programu hutumia nyingine yenye upana tofauti na mistari husukumana. Carlito na Caladea ni aina za maandishi za bure na zina vipimo vilevile vya Calibri na Cambria za Microsoft, kwa hiyo kila mashine tunaiwekea hizo pamoja na kamusi ya tahajia ya Kiswahili:

```
sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea hunspell-sw
```

Baada ya hapo wasifu ule ulirudi ukurasa mmoja. Kazi inayokwenda stesheneri tunaihifadhi kama PDF ili isibadilike njiani. Jambo hili la Kiswahili kwenye programu za ofisi nalithamini sana, kwa kuwa tangu mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na wazee wa fani hii hapa kwetu bado wanaikumbuka.

Kwa masomo ya watoto tutaweka Kolibri, programu ya bure ya masomo, kwenye mashine moja, na nyingine zitaisoma kupitia mtandao wa ndani bila kutumia bando.

Iwapo utakubali mpangilio huu, naomba kabla ya kulipia unitumie picha ya lebo ya ramu ili niilinganishe na iliyomo kwenye mashine. Kufunga diski na kusakinisha upya tutafanya wenyewe, nasi tumetenga siku mbili kwa kazi hiyo.

Wako,
Meneja wa Kituo cha Kompyuta cha Jamii
Muheza, Tanga