Huduma ya maji: ibaki halmashauri au ipande serikali kuu?

Kanuni ya ngazi ya chini kwanza inataka kazi ibaki karibu na wananchi, ipande tu pale ngazi hiyo inaposhindwa kuitimiza vya kutosha. Umoja wa Ulaya umeiweka kwenye ibara ya 5 ya mkataba wake.

Bomba likipasuka, halmashauri inashinda kwa mbali. Fundi wake anajua valvu iko wapi, na diwani ataulizwa kesho yake asubuhi. Kusubiri kibali cha wizara ni kuacha maji yamwagike.

Mto ni habari nyingine. Halmashauri ya upande wa juu wa mto ikichota kupita kiasi, wanaoumia ni wa upande wa chini, na hao hawampigii kura diwani wa huko juu. Kwa hiyo vibali vya kuchota vitolewe na serikali kuu au mamlaka ya bonde zima.

Hapa ndipo mambo huharibika: kwa sababu ya vibali, wizara huchukua na mabomba pia. Kinachopaswa kupanda ni kile kipande tu kinachovuka mpaka. Kosa la pili ni kuishushia halmashauri mabomba huku makusanyo ya ankara yakibaki hazina kuu; fundi yupo, vipuri hana.