Dobi wangu amenifulia sweta la sufu, sasa linamtosha mtoto wa chekechea

Nyota moja, na hiyo moja ni ya mashati.

Nilipeleka sweta langu kwa dobi wa hapa mtaani kwetu Njombe, kipindi kile cha baridi. Nililichagua mwenyewe kwenye mtumba, sufu tupu, na lebo yake ilikuwa na picha ya beseni lenye mkono ndani. Maana yake ni fua kwa mkono, taratibu. Nikarudishiwa kitu kinene kama blanketi la punda, mikono yake ikinifika kwenye viwiko.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, hili ndilo sweta langu?" Akanitazama juu mpaka chini. "Dada, sweta halisinyai. Labda umenenepa." Mbele ya wateja watatu!

Nilipombana akaeleza: maji yalichemshwa kwa sababu ya baridi, sabuni ya unga ikamwagwa ya kutosha, akafikicha kola na makwapa, akasuuza kwa maji ya bomba, akakamua, akatundika kwenye kamba. Kila hatua ni kosa, na alizipanga zote kwa siku moja.

Sufu ni nywele za kondoo. Kila uzi una magamba madogo madogo kama ya samaki. Maji ya moto, na ile soda iliyomo kwenye sabuni nyingi za unga, hufanya nywele hizo zivimbe na magamba yainuke. Ukizifikicha hapo zinasogea upande mmoja, magamba yanakamatana, na hazirudi tena. Sabuni nyingine zina vimeng'enya vya kula madoa ya damu na mayai, yaani protini, na sufu nayo ni protini. Hariri vilevile. Sabuni haijui doa linaishia wapi na nguo inaanzia wapi. Ukitaka kujua kama yako ina soda, koroga kidogo kwenye kikombe cha maji kisha tia siki. Yangu ilitoa mapovu ya gesi kama soda ya chupa.

Sasa, nikiwa mkweli (na sitaki kuwa), namwelewa kidogo. Masweta ya shule anayofua kila wiki mengi ni ya akriliki, nyuzi za kiwandani zisizo na magamba ya kukamatana. Unayafikicha mpaka mkono uchoke na yanabaki na ukubwa uleule. Huko ndiko alikojifunzia kwamba sweta halisinyai. Lakini lebo si ilikuwepo? Na hilo la kunenepa lilitoka wapi?

Kwenye mzigo uleule kulikuwa na shali la sufu la mama mkwe, nalo limekakamaa kama karatasi ya saruji. Nikajua nimekwisha. Ila nilipoliangalia vizuri, mishono yake ilikuwa bado inaonekana mmoja mmoja, na nikilivuta linarudi. Kumbe hilo halikusinyaa, lilibaki na sabuni tu. Nililiosha kwa maji vuguvugu mara mbili, mara ya tatu nikatia vijiko viwili vya siki kwenye lita tano, likalainika. Kwenye sweta mishono imezama kabisa, huwezi kuihesabu. Nilililoweka nusu saa kwenye maji yenye kondishena ya nywele, nikalivuta polepole. Mikono iliongezeka kama upana wa vidole viwili, ikagoma. Likifika hapo halina dawa.

Siku hizi za sufu nafua mwenyewe. Maji ya uvuguvugu ambao kifundo cha mkono hakiushtukii, kijiko kimoja cha shampuu ya kawaida ikorogwe kabla nguo haijaingia. Naloweka dakika kumi, naikandamiza kwa viganja bila kufikicha. Kuitoa, naibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, maana sufu iliyolowa ni nzito na ukiinua kwa bega moja inarefuka. Maji ya kusuuzia yawe na joto lilelile. Kisha naiviringisha ndani ya taulo, nalikanyaga taulo, na nguo naitandaza juu ya mkeka kivulini. Kwa baridi yetu inachukua siku mbili, na inanuka kondoo kidogo. Doa la mafuta ya kupikia shampuu halikulimaliza, niseme ukweli.

Kwa hiyo msiende? Kwa mashati na mashuka nendeni, hapa mtaani sijaona anayemshinda kunyoosha kola. Hata mimi nimerudi. Juzi nilipeleka mashuka, akafungua fuko, akapekua, akauliza, "Dada, humu hamna kondoo?"

Sikucheka. Basi, nyota mbili. Lakini lile neno la kunenepa bado hajaliombea radhi.