Cheni seti za Boxer 150: zipi nanunua, na feki naijuaje kabla sijalipa

Siku hizi kasha la spea halinishawishi. Hologramu inabandikwa, maandishi ya dhahabu yanachapwa, na kasha jipya linaweza kubeba chuma cha ovyo. Kwa hiyo nikienda Kariakoo kununua cheni na sproketi zake mbili, nabeba vernia, rula ya chuma ya sentimita 30 na tupa ndogo. Muuza duka anayekataa nifungue kasha, namwachia mali yake.

Naanza na sahani za cheni, zile bapa za pembeni. Cheni ya Boxer 150 ni saizi ya 428, na kwa kazi ya abiria na mizigo nachukua 428H. Hiyo H ndiyo inayochezewa sana. Sahani ya 428H ina unene wa karibu milimita 2, ya 428 ya kawaida ni kama 1.5. Feki nyingi zimegongwa "428H" lakini vernia inasoma 1.5. Hapo sihitaji kuendelea. Cheni ya kweli pia huwa na jina la kiwanda limegongwa kwa kina, linarudiwa urefu wote wa cheni. Likionekana kwenye kiungo cha loki peke yake, au likififia ukilisugua kwa kucha, rudisha.

Kisha natazama rola. Cheni nzuri ina rola isiyo na mshono. Ya bei chee huwa ni bati lililokunjwa, na ukiizungusha taratibu juani utaona mstari mwembamba mahali ncha mbili zilipokutana. Bushi ya ndani hutengenezwa kwa namna hiyohiyo, na hapo ndipo cheni inapofia. Tunasema cheni "imevutika", lakini chuma hakivutiki. Pini inalika ndani ya bushi, kidogo kwa kila kiungo, na ule ulegevu wa viungo vyote unajumlishana. Bushi isiyo duara kamili inagusana na pini sehemu chache tu, grisi inakamuliwa nje, na ulaji unaanza wiki ya kwanza.

Ndiyo maana kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha urefu. Nyoosha cheni mezani, ivute ikaze, pima kutoka ukingo wa kushoto wa pini ya 1 hadi ukingo wa kushoto wa pini ya 21. Hapo una viungo 20, na kila kimoja ni milimita 12.7, jumla 254. Cheni mpya inayosoma 256 dukani imeshakula karibu nusu ya maisha yake kabla haijafungwa. Ikifika 259 ni ya kutupa, maana inapanda juu ya meno na kuyachonga yawe kama ndoano.

Sproketi naijaribu kwa tupa. Ncha za meno ya sproketi nzuri zimekazwa kwa moto, tupa inateleza bila kung'ata. Ikitoa unga wa chuma kwa urahisi, hiyo ni laini. Jaribu jino moja tu, tena kwa upole, usije ukagombana na mwenye duka. Ile ndogo ya mbele ivishe kwenye shafti yake kabla ya kufunga. Ukiizungusha kwa mkono ikacheza huku shafti imetulia, iache, kwani itakula meno ya shafti, na kubadilisha shafti ni kupasua injini. Idadi ya meno hesabu kwenye zile ulizozitoa, usiamini kumbukumbu ya fundi.

Kwa zisizo za kampuni ya pikipiki, nachagua watengeneza cheni wanaouza kwa jina lao wenyewe, kama Rolon na Diamond za India. Rolon ndiyo ninayoirudia. Hata hizo zinaigizwa, kwa hiyo vipimo ni vilevile.

Baada ya kufunga, simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, zungusha tairi la nyuma na uguse cheni kwa chini. Ikikaza na kulegea kwa zamu, tia alama ya rangi kwenye tairi na kwenye kiungo kimoja. Mkazo ukirudi kila tairi linapomaliza mzunguko, tundu la sproketi kubwa haliko katikati. Ukirudi pale tu kiungo chenye rangi kinaporudi, kosa ni la cheni. Kwa sproketi ya meno 42 na cheni ya viungo 118, tairi huzunguka karibu mara 2.8 kwa mzunguko mmoja wa cheni, kwa hiyo huwezi kuzichanganya.

Ugumu wa pini haupimiki dukani. Huo naujua kwa kupima tena viungo 20 baada ya kilomita 500. Ikiwa bado iko chini ya 255, naiacha iendelee. Ikipita 256, naagiza nyingine mapema, kabla haijaharibu sproketi mpya.