Uzoefu wangu na OP07 badala ya 741 katika amplifaya ya kujumlisha: jinsi ya kukadiria kosa la tokeo

Ninatumia opampu ya OP07C katika amplifaya ya kujumlisha yenye maingizo matatu. Soketi hiyohiyo ilikuwa na LM741C, na katikati niliipa nafasi TL071C. Tathmini hii inahusu jambo moja: milivolti ngapi huonekana kwenye tokeo wakati maingizo yote yako kwenye sifuri, na jinsi ya kuzikadiria kwa kalamu na karatasi kabla ya kununua chipu yoyote.

Sakiti yenyewe ni ya kawaida. Sensa tatu za joto za LM35, kila moja ikitoa milivolti 10 kwa kila nyuzi ya Selsiasi, zinafika kwenye ingizo la kugeuza kupitia rezista tatu za kiloomu 100, na rezista ya mrejesho nayo ni ya kiloomu 100. Ingizo lisilogeuza limeunganishwa moja kwa moja na ardhi, na umeme unatoka kwenye chanzo chenye pande mbili, chanya na hasi. Tokeo ni jumla ya volteji tatu ikiwa na alama ya kutoa mbele yake. Kwa kuwa milivolti 10 ni nyuzi moja nzima, kosa dogo kwenye tokeo linasomeka mara moja kama joto ambalo halipo.

Makosa mawili ndiyo yanayotawala hapa. La kwanza ni volteji ya ofseti, yaani tofauti ndogo isiyoepukika kati ya maingizo mawili ya opampu, ambayo tunaweza kuichora kama betri ndogo iliyowekwa mfululizo na ingizo lisilogeuza. La pili ni mkondo wa bayasi, yaani mkondo mdogo ambao transista za mwanzo za opampu zinauhitaji ili zifanye kazi. Kwenye 741 mkondo huo huingia ndani ya pini, na kwa kuwa maingizo yamekaa kwenye sifuri, sehemu inayoingia kwenye pini ya kugeuza haina budi kutoka kwenye tokeo kupitia rezista ya mrejesho. Hivyo tokeo hupanda upande wa chanya. Katika fomula ifuatayo, Rf ni rezista ya mrejesho, R1 hadi R3 ni rezista za maingizo, Vos ni ofseti, Ib ni bayasi, na alama || ina maana ya rezista zilizowekwa sambamba.

```
NG   = 1 + Rf/(R1||R2||R3)
Vout = NG*Vos + Ib*Rf
```

Kiasi kinachostahili kuangaliwa kwa makini ni hicho cha mstari wa kwanza, ambacho nitakiita ukuzaji wa kelele. Kila ishara katika sakiti hii hukuzwa mara moja tu, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba ofseti nayo hukuzwa mara moja au mara mbili. Sivyo ilivyo. Ile betri ndogo iko kwenye ingizo lisilogeuza, na kwa macho yake rezista zote tatu za maingizo zimekaa sambamba kuelekea ardhini, thamani yake ya pamoja ikiwa kiloomu 33.3. Ukuzaji wake basi ni 1 + 100/33.3, yaani 4. Ukiongeza ingizo jingine la kiloomu 100, ukuzaji huo unakuwa 5, na kwa maingizo kumi unakuwa 11, hali kila ishara bado inakuzwa mara moja. Sehemu ya mkondo wa bayasi, kwa upande wake, haiongezeki hata ukiongeza maingizo, kwa sababu inategemea rezista ya mrejesho peke yake.

Sasa tuweke namba za LM741C kama zinavyoonekana kwenye karatasi yake ya data kwa nyuzi 25. Ofseti ya kawaida ni milivolti 2 na ya juu kabisa ni milivolti 6. Mkondo wa bayasi wa kawaida ni nanoampea 80 na wa juu kabisa ni 500. Kwa hali ya kawaida tunapata milivolti 8 kutokana na ofseti na milivolti 8 nyingine kutokana na bayasi. Kwa hali mbaya kabisa tunapata milivolti 24 na milivolti 50. Ofseti inaweza kuwa chanya au hasi, lakini bayasi ya chipu hii inasukuma upande mmoja tu, kwa hiyo mipaka ya kosa haiko sawa pande zote mbili: inaanzia karibu milivolti 24 chini ya sifuri na kufika milivolti 74 juu yake. Kwenye jumla ya sensa zangu, hizo 74 ni zaidi ya nyuzi 7. Mimi hukadiria kwa kujumlisha hali mbaya zote moja kwa moja, kwa sababu sakiti moja haiishi kwenye wastani, inaishi na chipu moja iliyomo kwenye soketi.

Baada ya makadirio nilipima, na hapa ndipo 741 iliponifundisha mengi. Niliunganisha maingizo yote matatu na ardhi, mita ikasoma +1.7 mV. Kwa opampu ya aina hii hilo ni tokeo zuri kupita kiasi, na namba nzuri kupita kiasi inahitaji kuchunguzwa. Kipimo cha pili kinatenganisha makosa hayo mawili bila kifaa kingine chochote: chomoa rezista zote tatu za maingizo upande wa pini ya kugeuza na uache rezista ya mrejesho pekee. Ukuzaji wa kelele unashuka kutoka 4 hadi 1, lakini sehemu ya bayasi inabaki ileile. Mita ikasoma +5.3 mV.

Tofauti ya vipimo hivyo, 1.7 kutoa 5.3, ni −3.6 mV, nayo ni mara tatu ya ofseti. Ofseti basi ni −1.2 mV. Ukiondoa hiyo kutoka kwenye kipimo cha pili unabaki na milivolti 6.5, ambazo zikigawanywa kwa kiloomu 100 zinatoa bayasi ya nanoampea 65. Kwa hiyo kosa la kwanza lilikuwa −4.8 mV na la pili +6.5 mV, na yalikuwa yanafutana. Chipu nyingine ya aina hiyohiyo yenye ofseti ya +1.2 mV na bayasi ileile ingetoa +11.3 mV katika sakiti hiyohiyo.

Wakati wa kipimo cha pili inafaa kuweka kapasita ya nanofaradi 100 sambamba na rezista ya mrejesho. Pini iliyoachwa na kiloomu 100 peke yake hunasa mngurumo wa umeme wa nyumbani, na mita za bei nafuu huyumba zinapokutana na mngurumo huo. Kapasita haibadilishi volteji ya moja kwa moja hata kidogo.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuweka rezista ya kufidia kati ya ingizo lisilogeuza na ardhi, yenye thamani ya rezista zote nne zikiwa sambamba, ambayo hapa ni kiloomu 25. Mkondo wa bayasi wa pini hiyo hupita ndani ya rezista hii na kutengeneza volteji inayokuzwa mara 4, na 25 mara 4 ni 100 ileile ya mrejesho, kwa hiyo kinachobaki ni tofauti ya mikondo miwili tu. Karatasi ya data ya LM741C inatoa nanoampea 20 kwa tofauti hiyo kwa kawaida na 200 kwa hali mbaya, yaani milivolti 2 au 20 badala ya 8 au 50. Niliiweka, na tokeo likahama kutoka +1.7 hadi −4.2 mV. Mtu asiyepima mara mbili angehitimisha kwamba rezista imeharibu sakiti. Ukweli ni kwamba imeondoa kosa moja na kuliacha lile jingine bila mpinzani. Niliiacha mahali pake, kwa sababu makosa kufutana kwa bahati hakudumu: chipu ikibadilishwa, au bayasi ikishuka kwa joto kama inavyofanya kwenye transista za kawaida, bahati hiyo inaondoka.

TL071C sitaizungumzia sana. Transista zake za mwanzo ni za aina ya JFET, na bayasi yake ya kawaida ni pikoampea 65, hivyo sehemu ya pili ya fomula inatoweka kabisa kwenye kiloomu 100. Lakini ofseti yake inaruhusiwa kufika milivolti 10, na mara 4 hiyo ni milivolti 40. Ingekuwa chaguo zuri kama rezista zangu zingekuwa za megaomu.

OP07C ndiyo iliyomaliza tatizo. Ofseti yake ya juu kabisa ni mikrovolti 150, ambayo kwenye tokeo ni milivolti 0.6. Bayasi yake ya juu kabisa ni nanoampea 7, ambayo ni milivolti 0.7. Jumla ya hali mbaya ni milivolti 1.3, takriban sehemu moja kati ya nane ya nyuzi. Kwenye chipu yangu, kipimo cha sifuri hakikuvuka tarakimu ya mwisho ya mita, ambayo ni milivolti 0.1. Mabadiliko ya ofseti kwa joto ni mikrovolti 1.8 kwa kila nyuzi kwa kiwango cha juu, hivyo nyuzi 30 za mabadiliko huongeza takriban milivolti 0.2 kwenye tokeo.

Rezista ya kufidia niliiondoa. Ndani ya OP07 tayari kuna sakiti inayofuta sehemu kubwa ya bayasi, na mabaki yanaweza kuingia au kutoka kwenye kila pini. Tofauti kati ya mikondo ya pini mbili inaruhusiwa kufika nanoampea 6, karibu sawa na bayasi yenyewe, kwa hiyo rezista hiyo ingepunguza makadirio kutoka milivolti 1.3 hadi 1.2 tu na kuongeza kelele yake yenyewe.

Anayetaka kubadilisha 741 kwa OP07 aangalie kwanza kama bodi ina potenshiomita ya kurekebisha ofseti. Kwenye 741 potenshiomita hiyo huunganishwa na pini za 1 na 5, na mkono wake huenda kwenye umeme wa hasi. Kwenye OP07 pini ni za 1 na 8, na mkono huenda kwenye umeme wa chanya. Ile ya zamani iondolewe kabisa kabla ya kuingiza chipu mpya. Tena OP07 haina haraka: tokeo lake hupanda kwa volti 0.3 kwa mikrosekunde, chini ya 0.5 za 741. Kwa sensa za joto hilo halina madhara yoyote, lakini kwa kuchanganya sauti nisingeichagua, na huko milivolti chache za sifuri huzuiwa na kapasita moja ya tokeo.